Mkoba wa ukili na lebo nne: kisa cha picha yenye nafasi tupu

Kikundi kimoja cha akina mama wa Wete, Pemba, hushona mikoba ya ukili na kuipeleka Unguja, kwenye duka la Mji Mkongwe. Sasa wanataka kuiuza mtandaoni pia, na mwenye duka aliwaomba picha moja ya maelezo. Mkoba uonekane mzima, na mishale ioneshe mambo manne ambayo mnunuzi hawezi kuyajua kwa kuangalia tu: mikono ya ngozi iliyoshonewa hadi ndani ya ukili, ukili wenyewe uliosukwa kwa ukindu na kuunganishwa kwa mkono, kitako cha tabaka mbili, na mfuko mdogo wa zipu ulioko ndani kwenye bitana. Maandishi yawe kwa Kiswahili, Kiingereza na Kitaliano. Yaani picha moja, seti tatu za lebo.

Kijana wa mmoja wa akina mama hao alijaribu kuitengeneza kwa programu ya kuzalisha picha kwa akili mnemba. Maelekezo aliyoandika yalikuwa haya:

```
Picha ya bidhaa: mkoba wa ukili kutoka Zanzibar, wenye nafasi
za mishale na lebo za kuonesha sifa zake, mtindo wa infografiki.
```

Picha iliyotoka ilikuwa ya kuvutia na haifai kwa lolote. Mkoba ulikaa katikati kabisa. Nyuma yake palikuwa na bahari, jahazi na mnazi, na pembeni kokwa na karafuu zimemwagwa. Mishale sita ilikuwa imeshachorwa, miwili ikielekea hewani, na kila mmoja una kijisanduku chenye maneno yanayofanana na lugha lakini si lugha yoyote. Alipoongeza "usiweke maandishi", maneno yalipungua lakini visanduku vikabaki, vitupu, katika sehemu ambazo hakuna cha kueleza. Hapo ndipo kazi ikaletwa kwangu.

Tuanze na sababu, maana bila kuielewa mtu hubadilisha maneno ovyo akitumaini bahati. Programu hizi zimejifunza kutokana na picha zilizoambatana na maelezo. Picha zilizoelezwa kwa maneno kama "lebo", "mshale" na "infografiki" karibu zote zina lebo na mishale ndani yake. Ukiandika "nafasi ya lebo", wewe unawaza kazi utakayoifanya kesho kwenye programu nyingine. Programu haina kesho. Inachora leo kila kilichotajwa. Kukanusha nako hakusaidii sana, kwa sababu neno lenyewe bado limetajwa. Baadhi ya programu zina sehemu maalumu ya kuandika visivyotakiwa, kwa mfano `--no text` kwenye Midjourney, na hiyo hufanya kazi vizuri kuliko kuandika "bila maandishi" katikati ya sentensi. Hata hivyo huondoa kisichotakiwa tu, haikupi nafasi mahali unapoitaka.

Neno "Zanzibar" nalo lilileta balaa la aina hiyohiyo. Kwa programu, Zanzibar ni pwani, jahazi na minazi, na vitu hivyo lazima vikae mahali. Vitakaa pale palipo wazi, na pale palipo wazi ndipo lebo zilipotakiwa kukaa. Jina la mahali lina nafasi yake kwenye maelezo ya bidhaa. Kwenye maelekezo ya picha ya aina hii nililiondoa.

Kabla ya kuandika maelekezo mapya nilichora mpangilio kwenye karatasi, na naamini nusu ya kazi ilimalizika hapo. Watu wengi hutengeneza picha kwanza, kisha wakahangaika kutafuta pa kubandika lebo. Mimi nilianza na ncha za mishale: kila moja itagusa wapi hasa? Mkono wa ngozi hugusika juu, kwenye upinde. Ukili hugusika katikati ya ubavu. Kitako hugusika chini, pale ambapo mshono wa mwisho unaonesha tabaka la pili linapoanza. Mfuko wa zipu haugusiki popote, kwa sababu umo ndani.

Huo wa mwisho ndio uliotawala mpango mzima. Ukitaka mfuko wa ndani uonekane, kamera lazima ipande juu ichungulie mdomo wa mkoba, na kamera ikipanda, mshono wa kitako unajificha. Pembe moja haiwezi kutumikia sifa zote mbili. Suluhisho likawa duara: picha ndogo halisi ya ndani ya mkoba, iliyopigwa peke yake kwa karibu, iwekwe kwenye nafasi tupu na kuunganishwa kwa mstari hadi kwenye mdomo wa mkoba. Duara likishachukua mzigo huo, kamera inaweza kushuka ikawa juu kidogo tu ya mdomo, mkoba ugeuzwe robo ili mbele na ubavu wa kushoto vionekane, na mshono wa chini ubaki wazi.

Turubai lilikuwa la pikseli 2000 kwa 2500. Mkoba ukae kulia chini, upana wake uzidi kidogo nusu ya picha. Upande wote wa kushoto, asilimia 40 ya upana, ubaki mtupu kwa ajili ya duara, lebo ya ukili na lebo ya kitako, zikipangana kutoka juu kwenda chini kwa utaratibu uleule wa ncha zake. Ukanda wa juu, asilimia 20 ya urefu, ubaki kwa lebo ya mikono, ambayo mstari wake unashuka wima. Kwa mpangilio huo hakuna mstari unaokatiza mwingine, na hakuna unaopita juu ya mkoba ili kufika upande wa pili. Kama mistari yako inakatizana kwenye karatasi, usitegemee programu ikuokoe. Badilisha upande wa lebo au punguza lebo.

Baada ya hapo niliandika maelekezo ya kujaribu, bila kutaja mshale wala lebo. Siri, kama ni siri, ni kueleza nafasi tupu kama kitu kilichopo: ukuta, meza, karatasi ya studio. "Nafasi" si kitu, kwa hiyo programu huijaza. "Ukuta laini wa rangi ya mchanga, mtupu hadi ukingoni" ni kitu, nao huchorwa. Asilimia na pikseli pia programu nyingi hazizipimi kwa usahihi. "Mkoba uko upande wa kulia wa picha" hueleweka kuliko "mkoba uanzie pikseli 850", na hata hilo halina dhamana, kwa sababu mvuto wa kurudisha bidhaa katikati ni mkubwa. Nilipata picha zenye ukuta mtupu mzuri, mkoba ukiwa kulia kama nilivyotaka. Nikazituma Pemba.

Bi mkubwa wa kikundi akanipigia simu. "Mwanangu, mkoba mzuri, lakini si wetu huu."

"Si wenu vipi, bi?"

"Ukili uko wapi hapo? Hilo ni tenga."

Alikuwa sahihi, na jicho la mtu asiyesuka lisingeliona. Ukili ni msuko mwembamba mrefu, kama utepe. Ili kupata mkoba, tepe hizo hushonwa ukingo kwa ukingo, na ndiyo maana mkoba wa kweli una mistari ya mshono inayouzunguka kwa umbali unaolingana. Programu ilichora msuko mmoja mkubwa unaokatizana, usio na mshono hata mmoja. Mikono ya ngozi ilikuwa na misumari ya shaba ambayo kikundi hakijawahi kuitumia. Mkono wa nyuma ulianzia kwenye ubavu na kuishia kwenye mkono wa mbele.

Kwa tangazo la kawaida hilo ni kosa la urembo. Kwa picha yenye mishale ni kosa la maana, kwa sababu mshale ni ushahidi: unamwambia mnunuzi "tazama hapa". Ukimwelekeza kwenye mshono ambao mashine imeubuni, umemuuzia mkoba usiokuwepo, na atakapoufungua mzigo wake Milano au Hamburg ataona tofauti. Kutoka hapo msimamo wangu katika kazi za aina hii ni mmoja: kila ncha ya mshale lazima itue juu ya picha halisi ya bidhaa halisi. Kilichobaki, yaani ukuta, meza na mwanga wa mazingira, programu ichore itakavyo.

Kwa hiyo tuliamua kuupiga picha mkoba wenyewe kwa simu, barazani. Nilimwomba kijana aujaze mkoba kanga zilizokunjwa ili usinywee, auweke kwenye baraza lenye kivuli, mwanga ukiingia kutoka kushoto, arudi nyuma hatua mbili tatu na kukuza mara 2 badala ya kusogea karibu. Simu ikisogezwa karibu sana, mdomo wa mkoba hutanuka na kitako husinyaa, na mkoba huonekana umepinda. Picha ya pili ilikuwa ya ndani, zipu ikiwa nusu wazi ili ieleweke kuwa ni zipu.

Upande wa mwanga haukuchaguliwa kwa uzuri. Mwanga ukitoka kushoto juu, kivuli cha mkoba huanguka kulia, mbali na safu ya lebo. Ungetoka kulia, kivuli kingelala juu ya eneo la maandishi, na ukuta ambao ulikuwa rangi moja ungekuwa na rangi mbili: herufi za kahawia zingesomeka upande mmoja na kufifia upande wa pili. Hili ni jambo ambalo huwezi kulirekebisha vizuri baadaye. Linaamuliwa kwenye baraza.

Nikaukata mkoba kutoka kwenye usuli wake, pamoja na uwazi ulio ndani ya upinde wa mikono, ambao wengi huusahau na kubaki na kipande cha baraza kikining'inia katikati ya mikono. Nikauweka kwenye turubai tupu la rangi moja, pale pale nilipopachora kwenye karatasi. Hapa ndipo tofauti kubwa na jaribio la kwanza: sikuiomba tena programu kwa maneno iuweke mkoba kulia. Uko kulia tayari. Maelekezo yakabaki na kazi ya usuli tu:

```
Hariri picha hii, wima, uwiano 4:5.
Badilisha usuli tu: ukuta na meza vya rangi moja ya mchanga
uliopauka, bila mstari unaoonekana vinapokutana.
Mkoba ubaki ulivyo: umbo, msuko, mikono, ukubwa na mahali pake.
Mwanga laini kutoka kushoto juu. Kivuli kifupi cha mkoba
kiangukie kulia, juu ya meza.
Kushoto na juu ni ukuta mtupu, laini, rangi ileile hadi ukingoni.
```

Kila mstari una kazi yake. "Bila mstari unaoonekana vinapokutana" umewekwa kwa sababu programu hupenda kuchora ukingo wa meza ukikata picha kwa mlalo, na ukingo huo ungepita nyuma ya lebo ya kitako kana kwamba umeipigia mstari. "Hadi ukingoni" umewekwa kwa sababu bila hayo pembe za picha huwa nyeusi polepole, jambo linalopendeza kwenye picha ya mtu na kuharibu maandishi yaliyo pembeni. Sikutaja chombo, jani wala kitambaa cha kupambia.

Programu inayohariri picha mara nyingi huichora upya yote, hata sehemu uliyoikataza. Usiiamini kwa macho. Niliichukua picha iliyotoka, nikaikuza ifikie ukubwa wa turubai, nikaiweka juu yake ile ya kwanza kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, na kubadilisha hali ya tabaka kuwa `Difference`. Palipofanana panakuwa peusi. Mwili wa mkoba ulitoa utando wa vidoa vyeupe kila mahali: msuko ulikuwa umeguswa, kidogo lakini umeguswa. Dawa yake ni rahisi. Mkoba halisi uliokatwa ulirudishwa juu ya ule uliochorwa, mahali palepale, na kutoka kwa programu tukabakiwa na ukuta, meza na kivuli. Hii pia inamaliza tatizo la ukubwa. Programu nyingi hutoa picha yenye upande wa pikseli elfu moja na kitu, ambayo ni ndogo kwa turubai letu. Ukuta laini ukikuzwa mara mbili hakuna atakayejua. Ukili ukikuzwa mara mbili kila mtu atajua, lakini ukili wetu unatoka moja kwa moja kwenye kamera na haukukuzwa.

Sehemu moja ilihitaji subira: pale kitako kinapokutana na meza. Programu ikiwa imeuchora mkoba wake mnene kidogo kuliko wa kweli, ukirudisha wa kweli huacha ukingo mwembamba wa mkoba wa bandia ukichungulia pembeni. Niliufuta kwa brashi ya rangi ya ukuta, isipokuwa chini, ambako nilibakiza ule weusi mwembamba wa mgusano. Ukiufuta huo, mkoba unaelea.

Kisha nikaupima ukuta. Kwa macho ulikuwa mtupu. Nilipofungua `Levels`, kifaa cha GIMP cha kurekebisha mwanga na giza, na kusogeza vishikizo viwili vikaribiane kuzunguka rangi ya ukuta, yakajitokeza mawimbi mapana na doa moja kushoto chini lenye umbo kama la jani, yumkini mabaki ya kivuli ambacho programu ilianza kukiwazia. Doa hilo lilikuwa pale pale lebo ya kitako ilipopangwa. Lilifutika kwa kuliziba na rangi ya jirani. Mawimbi niliyaacha, kwa sababu tofauti yake na rangi ya herufi haikubadilika kiasi cha kusumbua: kipimo kinachotumika sana kwa maandishi ya kwenye skrini ni uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya herufi na usuli, na kahawia iliyokolea juu ya mchanga uliopauka inaupita kwa mbali, penye giza la mawimbi na penye mwanga.

Sasa lebo. Watu huweka maandishi madogo kwa sababu kwenye kompyuta yanaonekana makubwa. Picha yetu ina upana wa pikseli 2000, na simu nyingi huionesha kwenye upana wa takriban vipimo 360 vya skrini. Yaani inapungua zaidi ya mara tano na nusu. Ukitaka herufi ionekane kwa ukubwa wa 14 kwenye simu, lazima kwenye turubai iwe karibu 78. Kwa ukubwa huo, safu yetu ya kushoto ikishatolewa pambizo hubeba kama herufi 17 kwa mstari. Hapo ndipo sentensi ya mwenye duka, "Imesukwa kwa ukindu halisi wa Pemba na kushonwa kwa mkono na akina mama", ilipokataa kuingia. Ikawa "Ukili ulioshonwa kwa mkono", mistari miwili. Nilikiacha kila kisanduku na theluthi moja ya ziada chini yake kwa ajili ya Kitaliano na Kiingereza, ambavyo haviishii mahali pamoja na Kiswahili.

Mistari niliichora kwa Inkscape, programu ya kuchora michoro ya mistari, kila lugha ikiwa na tabaka lake, mistari ikiwa na tabaka moja la pamoja. Ncha si vichwa vya mishale bali nukta. Kichwa cha mshale juu ya ukili hupotea, kwa kuwa msuko wenyewe umejaa pembetatu. Nukta haipotei. Na kila mstari una mwingine mweupe, mnene zaidi, chini yake, ili uonekane ukishaingia juu ya mkoba:

```svg
<line x1="740" y1="1500" x2="1010" y2="1560" stroke="#fff" stroke-width="14"/>
<line x1="740" y1="1500" x2="1010" y2="1560" stroke="#3b2a1a" stroke-width="6"/>
<circle cx="1010" cy="1560" r="16" fill="#3b2a1a"/>
```

Nukta iingie ndani ya sifa yenyewe, isiishie kwenye ukingo. Mstari unaokoma pale ukuta unapokutana na mkoba humwacha msomaji akijiuliza kama unaonesha ukili, mshono au mkoba mzima. Wa kitako ulinisumbua kwa sababu hiyo: tabaka la pili ni ukanda mwembamba, na nukta ya kipenyo cha pikseli 32 iliufunika nusu. Nilichora mabano mafupi yanayoukumbatia ukanda huo, na mstari ukaanzia kwenye mabano.

Bi mkubwa alipoletewa picha ya mwisho hakuuliza lolote kuhusu ukuta. Alihesabu mistari ya mshono, akaridhika, kisha akasema duara la mfuko wa ndani linaonesha bitana ya kitenge cha bluu wakati mikoba ya mwezi huu ina bitana ya kijani. Tulibadilisha picha ya duara peke yake. Kilichobaki bila jibu ni mikoba iliyotiwa rangi nyeusi, ambayo wameanza kuisuka. Juu yake mshono wa kitako hauonekani kwa mwanga wa baraza, na ncha ya mshale haina cha kugusa. Nimemwambia kijana ajaribu kuweka shuka jeupe upande wa kulia, nje ya picha, lirudishe mwanga kidogo kwenye mshono. Likishindikana, kitako cha mkoba mweusi nacho kitahitaji duara lake, na lebo ya ukili itasogea juu kukipisha.